Desharji ya dola 300: risiti au mwisho wa kesi?

*Baba mshauri, jambo. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Lubumbashi, naishi Bel-Air. Jumatatu saa moja asubuhi nilikuwa na Vitz yangu kwenye barabara ya Kasapa. Gari la mbele lilisimama, nami nikasimama, halafu pikapu ikanigonga nyuma. Polisi wa rulaji walikuja, wakaandika PV. Dereva ni wa kazi tu, pikapu ni ya mfanyabiashara mmoja. Jumatano huyo patro alinipigia simu kwa upole sana. Anatoa dola 300 mkononi, lakini nisaini desharji aliyokwisha kuandikisha kwa Kifaransa. Mtoto wa jirani alinisomea: nimepokea 300 kama solde ya mwisho, ninaacha madai yote ya leo na ya baadaye juu yake, juu ya dereva wake na juu ya asiransi yake. Tolye wangu alitazama gari kwa nje, akaniandikia devi ya dola 295. Kwa hiyo 300 inaonekana inatosha. Lakini mdogo wangu wa miaka 19 alikuwa kiti cha mbele, na tangu Jumanne shingo inamuuma. Tena kwa gari hilo napeleka watoto watano shuleni, kila mzazi ananilipa dola 25 kwa mwezi, na sasa wanapanda taksi. Patro anasema balbu yangu moja ya breki ilikuwa imekufa, kwa hiyo na mimi nina kosa. Balbu hiyo kweli ilikuwa imekufa, ile nyingine ilikuwa inawaka. Anataka jibu Jumamosi. Nichukue?*

*Mwalimu wa Bel-Air*

Mwalimu, chukua pesa, lakini usisaini karatasi ile. Hayo ni mambo mawili tofauti, na shida yote inatoka kwenye neno moja ambalo sisi huku tunalitumia kwa maana mbili.

Ukimkopesha jirani mfuko wa saruji na akurudishie, unamwandikia desharji: maana yake umepokea. Mfanyakazi akirudisha funguo za ofisi, anapewa desharji: maana yake amekabidhi. Watu wamezoea kuisaini kama risiti, bila hofu. Lakini ile aliyoandika patro si risiti. Ina maneno mawili yanayobadilisha kila kitu, "solde ya mwisho" na "ninaacha madai yote". Karatasi ya namna hiyo kisheria ni mapatano ya kumaliza ugomvi, wanasheria wanaita tranzaksyo, na kati ya waliosaini ina nguvu kama hukumu ambayo haina tena rufaa. Kesho ukienda kwa juji kusema "nilipewa kidogo", atakujibu kwamba udogo wa pesa si sababu ya kuivunja. Inaweza kuvunjwa kama ulidanganywa, ulitishwa au ulikosea jambo la msingi, lakini ni wewe utakayetakiwa kuthibitisha, na ushahidi wa kwanza dhidi yako utakuwa saini yako mwenyewe.

Nimeshughulikia mafaili ya ajali kwa miaka mingi, na yale yaliyoniuma si ya ajali kubwa, kwa sababu huko kila mtu anajihadhari. Ni haya ya parshoki na taa. Kijana mmoja wa pikipiki aliangushwa huko Katuba, akasimama mwenyewe, akacheka na watu, akasaini kwa dola 150. Wiki ya tatu goti likakataa kukunjika. Alipokuja kwangu alikuwa na karatasi yake imekunjwa vizuri ndani ya nailoni, akidhani ndiyo itakayomsaidia. Ndiyo iliyokuwa imemfungia mlango.

Sasa tuangalie 300 hiyo inalipa nini kwako. Devi ya tolye wako ni ya macho tu: ameona parshoki, taa ya kushoto, mlango wa nyuma wa kunyooshwa na kupigwa rangi, na kazi ya mikono. Kwa gari dogo kama Vitz, nyuma ya parshoki kuna chuma cha kupita, na pande mbili kuna langeroni, zile nguzo zinazobeba mwili wa gari. Parshoki ya plastiki inaweza kuingia na kurudi yenyewe huku chuma cha ndani kimepinda. Dalili unaweza kuziona leo kabla hata ya garaji. Funga na ufungue mlango wa nyuma uone kama unagoma au kama nafasi ya upande mmoja imekuwa pana kuliko ya pili. Inua kapeti ya nyuma, tazama kama sakafu ya gurudumu la akiba imejikunja au rangi imepasuka kwenye maungio. Kisha mwagia maji uone kama yanaingia ndani. Ukiona kimojawapo, devi ya 295 si devi kamili.

Namna ya kujua kwa hakika ni kuivua parshoki. Hiyo ni kazi ya muda mfupi kwa tolye mwenye vifaa. Mwite patro atume fundi wake awepo, mpige picha pamoja, na devi ya pili iandikwe hapo hapo. Fundi wake akiwepo, hawatakuja kusema baadaye kwamba ulipindisha chuma mahali pengine. Nimeshauriana na mtu wa karosri ninayemwamini kuhusu mgongano kama wako, naye anaona chuma cha kupita kikibadilishwa na langeroni moja ikivutwa, gharama inaweza kuongezeka kwa kiasi cha dola 140. Chukua hiyo kama mfano wa hesabu, halafu namba ya kweli itoke kwenye gari lako.

Kuna pia pesa ya watoto watano. Dola 25 mara 5 ni 125 kwa mwezi. Mwezi wa shule ukiwa na siku kama 22, kila siku gari likilala unapoteza dola 5 na senti 70 hivi. Likikaa garaji siku 10 za shule, ni 57. Hiyo ni hasara halali ya kudai, kwa sababu kodi sivili yetu, ile dekreti ya tarehe 30 Julai 1888, kifungu cha 258, inasema aliyemletea mwenzake hasara kwa kosa lake lazima airekebishe, na hasara si chuma tu. Lakini bila maandishi patro ataiita hadithi. Omba wazazi wawili watatu wakuandikie mistari miwili kila mmoja: analipa kiasi gani, tangu lini, na siku zipi mtoto alipanda taksi.

Ukijumlisha, 295 na 140 na 57 ni 492. Kama chuma cha ndani ni kizima, ni 352. Kwa hiyo 300 haitoshi kwa njia yoyote, na bado hatujamgusa mdogo wako.

Kuhusu balbu, usiogope, lakini usifiche pia. Mtu wa nyuma ana wajibu wa kuacha nafasi ya kusimama, na taa moja ya breki ilikuwa inawaka. Ili sehemu ya kosa ikuangukie, itabidi waonyeshe kwamba ile balbu iliyokufa ndiyo iliyosababisha asikuone ukisimama, saa moja asubuhi, mwanga upo. Hata hivyo juji anaweza kugawa kosa, na huwezi kujua atagawa vipi. Mimi ningeigeuza hatari hiyo kuwa pesa: ningekubali kupunguza kama sehemu moja ya nane kwenye madai ya gari. Kutoka 492 unafika 430. Hiyo ndiyo namba ningesimamia kama langeroni imepinda, na chini ya 400 nisingefunga. Kama ni nzima, ningeomba 350 na kukubali 310 au 320. Ila usiandike popote "nina kosa la sehemu fulani". Polisi akikuuliza kuhusu balbu, mwambie ukweli wa balbu. Kuhukumu kosa ni kazi ya wengine, na asiransi yako inaweza kukataa kufungwa na kukiri ulikofanya bila wao.

Mdogo wako ndiye ninayemfikiria zaidi. Ukigongwa nyuma, mwili unasukumwa mbele pamoja na kiti, kichwa kinabaki, kisha kinarushwa. Misuli na mishipa ya shingo inavutika, na maumivu mara nyingi hayaanzi pale barabarani. Yanakuja baada ya saa kadhaa au kesho yake, kama yake yalivyokuja Jumanne. Wengi wanapona kwa wiki chache, wengine wanachukua miezi, na siku ya nne hakuna daktari anayeweza kukuambia mdogo wako yuko kundi gani. Ndiyo maana mwili haufungwi mapema. Apelekwe leo au kesho. Amwambie daktari siku na saa ya ajali, alikokaa, kama alifunga mkanda, na maumivu yalianza lini, na aombe sertifika yenye tarehe inayotaja alichokiona daktari na siku za kupumzika. Akichelewa wiki mbili, watasema aliumia akibeba maji. Kama mikono inakufa ganzi, inachomachoma au inakosa nguvu, au kichwa kinauma kwa nguvu isiyo ya kawaida, msingoje asubuhi, nendeni hospitali saa hiyo.

Na sikiliza hili vizuri: saini yako haiwezi kumfunga yeye. Ana miaka 19, ni mtu mzima, madai ya shingo yake ni yake. Lakini patro anaweza kuandika kwenye karatasi kwamba wewe unamhakikishia hakuna abiria atakayedai tena. Ukisaini hivyo, mdogo wako akidai, patro atakugeukia wewe. Ukiona sentensi inayosema unajibu kwa niaba ya "watu wote waliokuwa ndani ya gari", ifutwe.

Jambo lingine patro analijua, au mwanasheria wake analijua: amewataja pamoja yeye, dereva na asiransi. Mwajiri anajibu kwa kosa la dereva wake akiwa kazini, ni kifungu cha 260 cha dekreti ile ile. Asiransi ya gari ni ya lazima katika nchi yetu, nayo inalipa kwa niaba ya mwenye gari. Haiwezi kudaiwa zaidi ya anachodaiwa yeye. Ukimwachia yeye madai yote, na asiransi imeponea hapo hapo. Kwa hiyo kabla ya kuzungumza pesa tena, omba picha ya karatasi ya asiransi ya pikapu: jina la kampuni, namba ya polisi ya bima, tarehe ya kuanza na ya kuisha. Kama ilikuwa imeisha, utaelewa kwa nini ana haraka ya Jumamosi. Kama ni hai, una mlango wa pili, hata yeye akinuna. Wewe nawe waarifu asiransi yako kwa maandishi, hata kama ni ile ya kawaida ambayo hailipi gari lako. Mkataba unatoa siku chache tu za kuarifu, zitafute kwenye masharti. Siku patro atakapobadilisha maneno na kusema ni wewe uliyerudi nyuma, utakuwa umeshasema ukweli wako kwa tarehe.

Basi Jumamosi uende na karatasi yako mwenyewe. Usiende peke yako. Mchukue mtu mzima mmoja anayesoma Kifaransa vizuri, ambaye si wa upande wao, naye patro awe na wake. Kiswahili kinatosha, mapatano hayahitaji Kifaransa ili yafunge, lakini kama mtaandika kwa lugha mbili semeni ni ipi inayoongoza. Ningeandika hivi:

> *Lubumbashi, tarehe … Mimi …, mwenye Vitz yenye plaki …, nimepokea kutoka kwa …, mwenye pikapu yenye plaki … iliyoendeshwa na …, dola za Kimarekani 300 (mia tatu), noti taslimu, kama akonti ya matengenezo ya gari langu, kutokana na mgongano wa Jumatatu tarehe …, saa moja asubuhi, barabara ya Kasapa, PV namba …. Malipo haya si solde ya mwisho. Hesabu ya gari itafungwa baada ya parshoki kuvuliwa mbele ya pande mbili, kabla ya tarehe …. Madai ya kuumia mwilini ya mtu yeyote hayamo katika karatasi hii. Karatasi hii si kukiri kosa kwa upande wowote. Imeandikwa nakala mbili, kila upande umechukua moja.*

Chini yake saini zenu, na za mashahidi wawili pamoja na simu zao. Kiasi kiandikwe kwa tarakimu na kwa maneno, kwa mkono, na nafasi tupu zote zipigwe mstari. Kama anayesaini si patro bali kaka yake au dereva, andika jina na kazi yake, na patro athibitishe kwa ujumbe wa simu kwamba amemtuma. Na noti zihesabiwe na kutazamwa moja moja mezani kabla hujashika kalamu. Unajua mwenyewe mji wetu: dola yenye mpasuko wa milimita tatu hakuna duka litakaloipokea, na ukishasaini "nimepokea 300" mpasuko ni wako. Akilipa kwa simu, kwa M-Pesa au Airtel Money, hifadhi ule ujumbe na uandike namba ya muamala kwenye karatasi.

Patro anaweza kukuambia kwamba bila desharji dereva wake atasumbuliwa. Huruma yako kwa dereva ni nzuri, na unaweza kuandika kweli kwamba kwa uharibifu wa gari huna lalamiko juu yake patro akishalipa. Usiahidi zaidi. Mtu akiumia, mambo yanaweza kufika parke, na prokirere hafungwi na makubaliano ya raia wawili. Kukuahidisha kwamba "kesi itafutwa" ni kukuahidisha kitu kisicho mkononi mwako, na akija kukidai utaonekana mwongo.

Siku ya kufunga ikifika, baada ya kuvua parshoki na kulipwa kilichobaki, desharji ya mwisho ni sawa, mpe bila kusita, ni haki yake naye kulala usingizi. Ila iseme inafunga "uharibifu wa gari na siku gari lilipolala", basi. Mapatano yanafunga kile tu kilichoandikwa ndani yake, na ndiyo maana wao wanapenda neno "yote". Akitaka kulipa mara mbili au tatu, iandikwe kwamba madai yanafungwa siku ya malipo ya mwisho, si siku ya saini. Shingo ya mdogo wako itakuwa na karatasi yake, itakayosainiwa na yeye, daktari akishaandika kwamba amepona au amebaki na nini.

Mpigie patro leo jioni, kwa upole ule ule aliokupigia. Mwambie unakubali 300 kama akonti na una karatasi. Mtu mwenye nia ya kulipa hatakataa risiti. Akisema ni solde ya mwisho au hakuna kitu, mshukuru, usibishane kwenye simu, kisha Jumatatu nenda ukachukue namba ya PV kwa polisi waliokuja, upeleke barua kwa asiransi ya pikapu pamoja na picha, devi ya pili, maandishi ya wazazi na sertifika ya mdogo wako, na nakala yako igongwe muhuri wa kupokelewa. Kama wakinyamaza, hapo ndipo tafuta avoka, ukiwa na faili ambalo bado lina madai ndani yake.